Naruto: Ruka Kutoka 141 Hadi 220, na Usione Haya

Mpwa wangu anayeishi mtaa wa Umoja ameachana na Naruto, katuni ya Kijapani ya kijana ninja. Alifika katikati ya vipindi vya mia na hamsini na kitu, akanipigia simu na kuuliza kwa uchungu kuhusu rafiki wa Naruto aliyetoroka, "Mjomba, huyu Sasuke bado wanamtafuta au wameshamsahau?" Sikumlaumu hata kidogo. Waliostahili lawama ni marafiki zake waliomwambia kwamba anayeruka vipindi hajatazama, kwamba ni lazima avimeze vyote 220 vya mfululizo wa kwanza kabla ya kuruhusiwa kugusa Shippuden, mfululizo wa pili unaoendeleza simulizi. Kwa ushauri huo wamemnyima kijana simulizi aliyokuwa akiipenda, na ninaandika ili mwingine asinyimwe vivyo hivyo.

Tuanze na chanzo, kwa sababu ukikijua utajua pia pa kukata. Masashi Kishimoto alianza kuchora manga ya Naruto, yaani hadithi ya michoro, mwaka wa 1999, akiitoa sura kwa sura katika jarida la kila wiki. Anime, yaani katuni ya televisheni, ilianza Oktoba 2002, nayo pia ikawa ya kila wiki, lakini kipindi kimoja cha dakika zipatazo 23 mara nyingi hula zaidi ya sura moja ya manga. Kwa mwendo huo anayefuata humfikia anayeongoza, na kufikia mwaka wa 2005 studio ya Pierrot iliyoitengeneza anime ilikuwa imemkaribia mno Kishimoto. Kituo cha televisheni hakikutaka kupoteza nafasi yake ya kila wiki, kwa hiyo waandishi wa anime wakatunga visa vyao wenyewe vya kujazia nafasi huku wakisubiri manga isonge mbele. Kusubiri huko kulidumu hadi Februari 2007.

Kasoro kubwa ya visa hivyo haitokani na uvivu wa waliovitunga. Walifungwa mikono. Hawakujua Kishimoto angeandika nini mwezi uliofuata, hivyo hawakuweza kumuua mhusika wa maana, wala kumfunza Naruto mbinu ya kudumu, wala kumrudisha Sasuke. Kila kisa kililazimika kumwacha kila mtu pale pale kilipomkuta. Tazama kinachotokea mara tu baada ya kipindi cha 135, ambapo pambano la Naruto na Sasuke katika Bonde la Mwisho limekwisha na Sasuke ameenda zake kwa adui yao Orochimaru. Kuanzia 136, Naruto, mwenzake Sakura na mwalimu wake Jiraiya wanafunga safari ya kwenda kumsaka Orochimaru mafichoni, nawe unaketi wima ukiamini kwamba sasa watamfikia rafiki yao. Hawawezi kumfikia. Manga ilikuwa imeshaamua kwamba Sasuke hataonekana mpaka miaka miwili na nusu ipite katika simulizi. Unaahidiwa jambo ambalo mwenye kuahidi hana mamlaka ya kulitimiza, na hilo huumiza zaidi kuliko kisa cha kuchekesha kisichoahidi chochote.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Tazama kuanzia 1 hadi 100, ukiacha 26, ambacho kwa sehemu kubwa ni marudio ya mambo uliyokwisha kuyaona, na 97, ambacho hakina uhusiano na kisa cha tabibu Tsunade kinachosimuliwa wakati huo. Kipindi cha 101, kile cha vijana kutaka kuuona uso wa mwalimu wao Kakashi ulio nyuma ya barakoa, ni cha kujazia pia, lakini ninakubali kwa shingo upande kwamba kinafurahisha na kinakwisha siku hiyo hiyo, basi kitazame ukipenda. Kisha ruka 102 hadi 106, ile safari ya Nchi ya Chai. Utauliza kama mshono hautaonekana. Hautaonekana, na mahali hapa ndipo hoja yangu inapothibitika vizuri zaidi kuliko penginepo. Kabla ya safari hiyo Tsunade anamtibu Sasuke akiwa amelala hospitalini. Katika 107 Sasuke yuko kitandani hospitalini, hasira inampanda, naye anamwita Naruto wakapigane. Katika manga hakuna safari yoyote ya Chai kati ya mambo haya mawili. Waandishi wa anime walimtoa Sasuke kitandani, wakamtembeza, wakamjeruhi, kisha wakamrudisha kitandani ili simulizi iendelee ilipoachwa.

Endelea na 107 hadi 135 bila kuacha hata kimoja, kwa kuwa hayo ndiyo mambo mazito kuliko yote katika mfululizo wa kwanza.

Baada ya hapo ndipo orodha nyingi zinazosambazwa kwenye makundi ya simu zinapokosea kwa upande wa pili. Zinakwambia ufunge 135 na kufungua Shippuden papo hapo. Usifanye hivyo. Tazama 141, kwa maana ndani yake Sakura anakwenda kwa Tsunade kuomba awe mwanafunzi wake, uamuzi ambao Kishimoto mwenyewe aliuandika. Asiyeuona atashangaa katika Shippuden anapomkuta msichana aliyekuwa akilia pembeni sasa anapasua ardhi kwa ngumi moja na kutibu sumu iliyowashinda matabibu wa kijiji cha Suna. Kutoka hapo ruka moja kwa moja hadi 220. Sehemu yake ya mwanzo inamaliza kisa cha kujazia kuhusu Gaara, ninja wa Suna, nayo haitakusumbua sana. Mwisho wake ndio unaoutaka, Naruto akiondoka kijijini pamoja na Jiraiya kwenda kufunzwa. Shippuden inaanza na kurudi kwake, na kurudi hakuna uzito kwa mtu ambaye hakuona kuondoka.

Utakavyoviruka kuanzia 142 hadi 219 ni vipindi 78, karibu saa 30 za maisha ya mtu. Kwa kijana anayetazama kwenye simu ndani ya matatu asubuhi na jioni, kwa bando analonunua mwenyewe, hilo si jambo dogo, na hakuna shabiki mwenye haki ya kumtoza gharama hiyo kama ada ya kuingilia.

Ukiwa huna orodha, dalili zipo. Adui mpya anazuka kutoka kijiji usichowahi kukisikia, anashindwa, na tangu hapo hakuna anayemtaja tena. Majeraha yanapona bila maelezo. Jina la Sasuke linatajwa kwa huzuni mwanzoni, kisha linasahaulika mpaka kisa kinapokwisha. Ukiziona dalili hizi katika vipindi viwili vinavyofuatana, angalia mbele kisa kinaishia wapi na uende huko.

Shippuden yenyewe ina vipindi 500, na kanuni ni ile ile. Acha 57 hadi 71. Acha 91 hadi 112 bila huruma, kwa kuwa 113 ndicho kinachomrudisha Sasuke akimgeukia Orochimaru. Acha pia 223 hadi 242, safari ya melini inayokukatiza ukiwa unasubiri vita vianze.

Lakini usiache 349 hadi 361, vipindi vya ujana wa Kakashi katika Anbu, kikosi cha siri cha kijiji, ingawa navyo ni vya kujazia. Vinasimulia wakati uliokwisha pita, wa mtu ambaye manga ilikuwa imeshatueleza alikotoka na alikofika, kwa hiyo waandishi hawakuhitaji kuahidi wasichoweza kutimiza. Walipewa shimo lenye kingo zinazojulikana, nao wakalijaza kwa uangalifu. Vitazame mara tu baada ya 345, hadithi ya Obito, rafiki wa zamani wa Kakashi, ikiwa bado mbichi moyoni, kwa sababu huzuni anayoibeba Kakashi katika vipindi hivyo chimbuko lake ni hapo.