Barua ya kuacha kazi: sahihisha makosa, mengine muachie mwenyewe

Mtu akikupa barua yake ya kuacha kazi uipitie, akakwambia "nirekebishie makosa tu", hilo neno "tu" lina uzito wake. Wengi wetu tunalisikia kisha tunalisahau. Barua inaingia na maneno tisini, inatoka na mia mbili, ina "heshima na taadhima" ambazo mwenyewe hakuziandika, na meneja akiisoma anajiuliza ni nani huyu aliyemwandikia. Maoni yangu ni kwamba msahihishaji wa namna hiyo ameharibu, hata kama Kiswahili chake kimepambika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyakazi wa mapokezi katika hoteli ya Mji Mkongwe amepata kazi kwengine. Leo ni Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026, na anataka kutuma barua pepe hii:

> YAH: KUACHA KAZI
>
> Bi Meneja,
>
> Assalaam alaykum. Natumai umzima. Naandika kukuarifu kuwa naacha kazi ya mapokezi kwasababu nimepata kazi nyengine. Natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo, siku yangu ya mwisho utakuwa Jumatano, 31 Juni 2026. Baada ya hapo sitokuwepo kazini.
>
> Funguo za kabati na daftari la wageni nitamkabidhi yule mtakae mteua. Nakushukuru kwa nafasi mlionipa na kwa yote niliyojifunza kwenu.
>
> Wako mtifu

Makosa ya kuandika ni saba. "Umzima" ni maneno mawili, "u mzima". "Kwasababu" nayo ni mawili. Mkato baada ya "leo" umeunganisha sentensi mbili zinazojitegemea, kwa hivyo weka nukta na "Siku" ianze kwa herufi kubwa. Mtu anaweza kutia "na" badala yake, lakini nukta haiongezi neno, na ndiyo maana naichagua. "Mtifu" ni "mtiifu".

Matatu yaliyobaki yanahitaji jicho zaidi. "Siku yangu ya mwisho utakuwa" linapita kwa urahisi kwa sababu "mwisho" limekaa karibu na kitenzi na kukivuta kwake, ilhali mwenye kauli ni "siku". Inatakiwa "itakuwa". "Nafasi mlionipa" ni kosa la sikio: tukizungumza, ile "y" hupotea katikati ya "i" na "o", lakini nafasi ni ya ngeli ya i-zi na kirejeshi chake ni "-yo-", kwa hivyo "mliyonipa". "Mtakae mteua" lina kosa hilohilo la "y", tena limekatwa katikati. Ni neno moja, "mtakayemteua". Makosa ya kukata neno yanaonekana vizuri ukiisoma barua kutoka sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, kwa sababu maana haikubebi ukaruka.

Baada ya hapo mkono unaanza kuwasha. "Nyengine" unataka kuifanya "nyingine", na "sitokuwepo" iwe "sitakuwepo". Usiguse. Huku Unguja na Pemba "nyengine" inaandikwa katika barua za ofisi kila siku, na "-to-" ya kukanusha wakati ujao ni Kiswahili kamili. Inachekesha kidogo kwamba Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, halafu Muunguja akiandika kwao anapigiwa mstari mwekundu. "Natumai" nayo si pungufu ya "natumaini". Mwandishi na meneja wote ni wa hapa, hakuna atakayekwama.

"Funguo za kabati na daftari la wageni nitamkabidhi yule..." pia iache ilivyo. Vinavyokabidhiwa vimetangulizwa kwa sababu ndivyo meneja atakavyovitafuta kwanza. "Nakushukuru" ikifuatwa na "mlionipa" inaweza kuonekana kama nafsi zimegongana, umoja kwa wingi. Hazijagongana: anamshukuru Bi Meneja mwenyewe, na nafasi ilitolewa na hoteli nzima.

Kubwa zaidi ni "naacha kazi". Kwa adabu yetu, msahihishaji anaona neno hilo kavu, analigeuza "naomba kuacha kazi". Hapo amebadilisha aina ya barua. Aliyeandika "naacha" ametoa taarifa, na siku za notisi zinahesabiwa kwa mujibu wa mkataba wake. Aliyeandika "naomba" ameleta ombi, na ombi hujibiwa: meneja anaweza kukaa nalo wiki mbili, au kujibu kwamba bado linazingatiwa, na mfanyakazi akabaki hajui kama notisi imeanza. Huenda mwisho wa mvutano haki ikawa yake, lakini mvutano wenyewe umeletwa na neno lisilokuwa lake. Vivyo hivyo "mwezi mmoja" usiufanye "siku 30" kwa kudhani ni mamoja. Kwa mwezi wa Juni hesabu inalingana, kwa Julai hailingani, na lililomo katika mkataba wake wewe hujalisoma.

"Kujiuzulu" badala ya "kuacha kazi"? Hapana. Hilo hulisikia zaidi kwa wenye vyeo, na hata lingekuwa zuri zaidi, uzuri hukuombwa. Sababu ya kuondoka nayo, kuitaja au kutoitaja ni shauri lake.

Limebaki kosa moja ambalo huna ruhusa ya kulisahihisha, nalo ni kubwa kuliko yote: "Jumatano, 31 Juni 2026". Juni haina tarehe 31. Anayesahihisha kwa haraka ataandika 30 Juni, lakini 30 Juni 2026 ni Jumanne. Jumatano ni tarehe 1 Julai. Kwa hivyo ama amekosea tarehe na siku, akikusudia Jumanne ya 30, au siku ndiyo sahihi na anamaanisha 1 Julai. Barua haisemi. Ukibahatisha 1 Julai na kazi mpya inaanza siku hiyohiyo, umempangia sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ukibahatisha 30 na mkataba unahesabu notisi kuanzia siku ya pili baada ya barua kupokewa, umempunguzia siku, na huenda akadaiwa. Tarehe, majina, vyeo na kiasi cha fedha huulizwa kwa mwenyewe. Na siku ya wiki usiikubali kwa kuiona tu, fungua kalenda.

Kabla ya kurudisha, pitia kila ulipogusa na ujiambie kanuni iliyovunjwa pale. Ukikuta mahali ambapo jibu lako ni "inasikika vizuri zaidi", rudisha neno lake la mwanzo. Kisha linganisha urefu: barua hii baada ya kusahihishwa haitakiwi kuzidi au kupungua kwa zaidi ya neno moja au mawili, nayo ni yale yaliyotenganishwa au kuunganishwa.

Kama mnatumiana kwa simu, mrudishie barua safi peke yake, aweze kuinakili bila kuchanganya. Ujumbe wa pili uwe wa maelezo, mfupi hivi:

> Nimerekebisha sehemu saba: u mzima, kwa sababu, nukta baada ya "leo", itakuwa, mtakayemteua, mliyonipa, mtiifu. Tarehe sijaigusa. Juni inaishia 30, nayo ni Jumanne. Jumatano ni 1 Julai. Siku yako ya mwisho ni ipi? Tazama mkataba kwanza, usitume mpaka uibadilishe.