Kuhusu RMSSD 24 na 61

“Saa yangu inaonyesha RMSSD 24, ya mke wangu 61. Moyo wangu una hitilafu?”

Namba hiyo peke yake haionyeshi hitilafu, ndugu yangu. RMSSD hupima jinsi nafasi kati ya pigo na pigo inavyobadilika. Tuseme nafasi nne zinazofuatana ni milisekunde 800, 850, 810 na 860. Tofauti zake ni 50, 40 na 50. Kila moja izidishe kwa yenyewe, tafuta wastani, unapata 2200. Kipeuo chake cha pili ni kama 47. Basi, hiyo ndiyo RMSSD.

Mabadiliko hayo ya haraka huletwa zaidi na neva ya vegasi, inayopunguza kasi ya moyo. Ukivuta pumzi neva hiyo hulegeza breki na mapigo huharakisha. Ukitoa, hurudi kukaza breki.

Sasa, watu hutofautiana sana. Umri huishusha RMSSD, kurithi kuna sehemu yake, na moyo unaopiga polepole una nafasi ndefu, hivyo tofauti nazo hukua. Mwenye mapigo 55 kwa dakika na mwenye 75 hawalinganishiki kirahisi. Jilinganishe na wiki zako mwenyewe, ukipima asubuhi, mkao uleule.

Tena namba kubwa si afya kila mara. Pigo moja linalowahi, au saa ikiruka pigo, huipandisha ghafla, kwa sababu tofauti kubwa ikizidishwa kwa yenyewe humeza nyingine zote. Ukiona 30 imekuwa 110 usiku mmoja, pima tena. Ikirudia na unahisi moyo unarukaruka, nenda ukapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo.