Pazia la shangazi

Jumamosi shangazi kapost picha za kichen pati Facebook, gauni refu la maua makubwa makubwa, mi nikataka kumtumia dada WhatsApp "huyu shangazi kavaa pazia la sebuleni au?" Kumbe nimeandika hapohapo chini ya picha yake. Kwenye komenti. Mbele ya ukoo mzima.

Jasho. Nikabonyeza komenti yangu nikaishikilia, nikaona Futa, nikafuta, ikaondoka pamoja na vicheko vitatu vya mabinamu waliokuwa wamenijibu pale chini yake. Nikashusha pumzi. Halafu naona binamu mwingine kaandika komenti yake pembeni, hakunijibu mimi, kaandika tu "PAZIAAA 😂😂". Nikaishikilia na ile, Futa hamna, si komenti yangu na posti si yangu, mwenye uwezo wa kuifuta ni yeye au shangazi. Ndo nikampigia binamu kumbembeleza, kanila vocha ya buku mbili.

Dakika kumi simu ya shangazi: "Mwanangu, pazia la nani?" Kumbe notifikesheni ilishamtokea kwenye kioo kabla sijafuta.

Jumanne nikapost viatu vyangu vipya. Shangazi huyo: "Hongera mwanangu, kumbe ile elfu 50 ya dawa za bibi ndo imenunua hivi?"

Nikaishikilia, safari hii posti ni yangu so mamlaka yote ninayo, Futa ipo na Ficha ipo. Nikawaza nikifuta, shangazi akirudi ataona haipo atawaka, bora nifiche, yeye ataendelea kuiona kama kawaida wengine hawataona. Nikajiona mjanja. Kwangu ikafifia ikawa kijivu, nikaenda kula.

Saa mbili usiku baba kanipigia, hata salamu hakuna: "Elfu 50 iko wapi?" Akafuata mjomba toka Mwanza. Akafuata mama mdogo. Mi nawaambia nimeshaificha jamani mnaionaje, mdogo wangu yuko pembeni anacheka mpaka anakohoa, "Kaka, ukificha anaiona aliyeandika na marafiki zake wote." Na marafiki wa shangazi ni nani? Ni ukoo. Yani niliowaficha ni wale wasiomjua shangazi, watu wa ofisini na jamaa niliosoma nao, ambao hata bibi yetu hawamjui wala shida ya dawa zake haiwahusu.

Nikafuta basi, ikaondoka kwa wote, pamoja na "duh" kumi na moja zilizokuwa chini yake.

Asubuhi nafungua simu, shangazi kaandika tena: "Naona ile ya jana imedondoka bahati mbaya, nimeirudisha." Na picha ya muamala kaiweka.