Nafasi kabla ya alama ya kuuliza: barua pepe ya Kifaransa ifuate kanuni za wachapaji?

Mtu aliyejifunza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza akianza kuandikiana barua pepe na ofisi ya Kifaransa, kitu cha kwanza kumshangaza ni uwazi ulio kabla ya alama ya kuuliza. Kwetu alama hiyo hubandikwa kwenye neno. Mfaransa huitenga kidogo, na kuitenga huko ni kanuni. Ubishi unakuja pale kanuni hii iliyozaliwa kwenye meza ya mchapaji wa vitabu inapohamishiwa kwenye barua pepe inayoandikwa kwa simu ndani ya basi. Wapo wanaosema ishikwe yote, na wapo wanaosema barua pepe si kitabu. Kila upande una hoja zake, lakini nadhani pande zote mbili zinachanganya kanuni za aina tatu, za nafasi, za herufi kubwa na za vifupisho, ambazo hazina uzito sawa.

Kanuni ya nafasi yenyewe ni rahisi kukumbuka. Alama yenye sehemu moja, yaani nukta au mkato, hugusa neno. Alama yenye sehemu mbili, yaani nukta mbili, nukta mkato, alama ya kuuliza na ya mshangao, hutanguliwa na nafasi. Alama za kunukuu za Kifaransa, « », huwa na nafasi kwa ndani pande zote mbili. Asili yake ni herufi za madini ya risasi: mchapaji alichomeka kipande chembamba ili alama ndefu isigandamane na herufi iliyotangulia. Vitabu vya Kiingereza navyo viliwahi kuwa na desturi hiyo, vikaiacha. Wafaransa wakabaki nayo. Nafasi hiyo ilikuwa nyembamba, lakini taipureta ilipokuja na nafasi ya upana mmoja tu, wembamba ule ukapotea, na ndiyo maana leo wengi hubonyeza nafasi nzima.

Nafasi nzima ya kawaida ndiyo inayoleta balaa, kwa sababu kompyuta huihesabu kuwa mahali halali pa kukata mstari. Mwandishi anaona sentensi imekaa vizuri kwenye skrini yake pana, anatuma, na msomaji mwenye simu anapata hivi:

```
Pouvez-vous confirmer votre présence à la réunion
?
```

Alama ya kuuliza imebaki yatima kwenye mstari wake. Wachapaji hawakuwahi kukubali jambo hilo: kwao nafasi hiyo ni ile isiyokatika, inayoifunga alama kwenye neno ili zishuke pamoja. Kwa kompyuta hiyo ni herufi tofauti kabisa, U+00A0. Kwenye Windows hupatikana kwa kushikilia Alt na kuandika 0160 kwenye kibodi ya tarakimu, na kwenye Mac kwa Option pamoja na kitufe cha nafasi. Word, lugha ya maandishi ikiwekwa kuwa Kifaransa, huiweka yenyewe, na toleo la zamani la Outlook kwa Windows, ambalo hutumia kihariri cha Word, hufanya vivyo hivyo. Barua inayoandikwa ndani ya kivinjari kwa kawaida haipati msaada huo.

Hapa wapinzani wa kanuni wana hoja nzito. Kumtaka karani wa Bukavu akumbuke msimbo wa tarakimu nne kila anapouliza swali ni kumtwisha mzigo usio wake. Tena Kifaransa chenyewe hakina sauti moja. Wachapaji wa Ufaransa huweka nafasi nyembamba kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao na nukta mkato, na nafasi pana zaidi kabla ya nukta mbili. Ofisi ya lugha ya Kebeki, jimbo la Kanada linalotumia Kifaransa, inashauri kwamba mahali ambapo nafasi nyembamba haipatikani, alama tatu za kwanza zibandikwe kwenye neno, na nafasi ibaki kabla ya nukta mbili na ndani ya alama za kunukuu tu. Kwa hiyo barua isiyo na nafasi kabla ya alama ya kuuliza haina kosa mbele ya msomaji wa Montreali, ingawa msomaji wa Parisi ataona kitu kinakosekana.

Hoja yao nyingine ni dhaifu zaidi. Husema nafasi isiyokatika huharibika njiani, na kweli, barua iliyosimbwa kwa UTF-8, njia ya kisasa ya kuhifadhi herufi, ikisomwa kwa usimbaji wa zamani, msomaji huona hivi:

```
votre prÃ©senceÂ ?
```

Lakini tazama vizuri. Herufi ya `é` imeharibika pamoja na nafasi. Njia inayoivuruga nafasi hiyo huvuruga pia kila herufi yenye aksenti, na hakuna anayependekeza Kifaransa kiandikwe bila aksenti kwa kuogopa seva mbovu. U+00A0 imo ndani ya ISO 8859-1, kiwango cha zamani cha usimbaji wa herufi, tangu 1987, hivyo hata programu nyingi za zamani zinaifahamu. Tahadhari inahitajika kwa nafasi nyembamba isiyokatika, U+202F, iliyoingia katika Yunikodi 3.0 mwaka 1999. Hiyo ndiyo sahihi zaidi kwa jicho la mchapaji, lakini fonti isiyo nayo inaweza kuonyesha kisanduku kitupu. Kwa kitabu ningechagua U+202F. Kwa barua pepe ningechagua U+00A0 bila kusita.

Basi kwa upande wa nafasi nawapa wapinzani nusu ya haki. Ukiwa na chombo kinachokuwekea nafasi isiyokatika, iache ifanye kazi. Usipokuwa nacho, ni afadhali kubandika alama kwa mtindo wa Kebeki kuliko kuweka nafasi ya kawaida itakayoangusha alama kwenye mstari wa chini.

Siwezi kuwa mpole hivyo kwa herufi kubwa na vifupisho, kwa sababu havihitaji kitufe cha siri wala programu maalumu. Chukua barua hii. Nimeitunga, lakini kila kosa lililomo nimelikuta mara nyingi katika barua ninazosahihisha:

```
Objet : DEMANDE DE RDV - MARCHE DU 12 MARS

Mr le Directeur Général,

Pouvons-nous vous voir Lundi à 14h30 ?
Nous parlerons du prix, du délai, etc...

Cdt
```

Anza na mada. Mwandishi ameiweka yote kwa herufi kubwa ili ionekane, na kwa kufanya hivyo amepoteza aksenti ya mwisho. Mkurugenzi anasoma `MARCHE` na hajui kama ni `marche`, matembezi au maandamano, au ni `marché`, yaani soko, au mkataba wa zabuni. Akademia ya Kifaransa inasema wazi kwamba aksenti ina thamani kamili ya tahajia hata juu ya herufi kubwa. Wanaoziacha hutetea kwamba kibodi ya kawaida ya Kifaransa, AZERTY, kwenye Windows haina kitufe cha `É` wala cha `À`, na hilo ni kweli: Alt na 0201 hutoa ya kwanza, na 0192 hutoa ya pili. Kasoro hiyo ni mojawapo ya zilizoshughulikiwa na shirika la viwango la Ufaransa, AFNOR, lilipotoa kiwango kipya cha kibodi mwaka 2019. Lakini katika barua hii hakukuwa na haja ya kitufe chochote. Mada ya Kifaransa huanza kwa herufi kubwa moja tu, na zinazofuata huwa ndogo isipokuwa majina maalumu. Andika `marché` kwa herufi ndogo na utata unaisha.

Herufi kubwa ya `Lundi` ni ya Kiingereza. Siku, miezi na majina ya lugha kwa Kifaransa huanza kwa herufi ndogo.

`Directeur Général` ni jambo zito kidogo, maana linagusa heshima. Katika ofisi nyingi za Kongo na Burundi, kuandika cheo chote kwa herufi kubwa ni adabu, na kushusha herufi kunaweza kusomwa kama kumshusha mwenye cheo. Sidharau hisia hiyo. Ila kanuni ya Kifaransa nayo ina heshima yake. Unapomwita mtu mwanzoni mwa barua, jina la cheo hupata herufi kubwa na kivumishi kinachofuata hubaki kidogo: `Monsieur le Directeur général,`. Unapomtaja tu katikati ya maelezo, `le directeur général` huwa ndogo yote. Tofauti hiyo hubeba maana, kwani herufi kubwa huonyesha unasema na mtu, si unasema habari zake. Ukikuza kila cheo kila mahali, alama hiyo hufa. Hata hivyo, kama ofisi unayoiandikia yenyewe husaini `Directeur Général`, ifuate katika salamu. Hakuna atakayepotea kwa hilo.

Kwenye `Mr` sikubali mjadala mrefu. Kifupisho hicho kiliwahi kutumika kwa Kifaransa, na watetezi wake hulitaja hilo, lakini leo msomaji hukiona kuwa cha Kiingereza. Kanuni ni hii: kifupisho kikiishia na herufi ya mwisho ya neno zima, hakina nukta, kama `Mme` na `Dr`, kikikatwa kabla ya hapo, kina nukta, kama `M.` kwa `Monsieur`. Lakini vyote hivyo ni vya kumtaja mtu mwingine ndani ya barua. Unayemwandikia humfupishii jina la heshima. Kwa sababu hiyohiyo `Cdt`, kifupisho cha `Cordialement`, haifai: neno lililokusudiwa kumwonyesha mtu ukarimu limekatwa silabi zake. `etc.` tayari inamaanisha «na kadhalika», haiongezwi nukta tatu.

Ikisahihishwa, barua inakuwa hivi:

```
Objet : Demande de rendez-vous – marché du 12 mars

Monsieur le Directeur général,

Pouvons-nous vous voir lundi à 14 h 30 ?
Nous parlerons du prix, du délai, etc.

Cordialement,
```

Nafasi katika `14 h 30`, ile iliyo kabla ya nukta mbili za `Objet` na ile iliyo kabla ya alama ya kuuliza ndizo zinazotakiwa kuwa zisizokatika. Kuna mahali pamoja ambapo hata mshika kanuni mkali anapaswa kuiondoa nafasi hiyo: anwani ya tovuti, nywila au amri ya kompyuta. Jicho huiona kama nafasi ya kawaida, lakini msomaji akiinakili kwenye kompyuta yake, amri inakataa kufanya kazi, na anaweza kutafuta kosa kwa saa nzima bila kuliona.

Anayeandika kwa simu isiyompa nafasi isiyokatika ana njia nyingine ambayo mimi huitumia mara kwa mara, nayo ni kuigeuza sentensi. `Je vous prie de me confirmer votre présence.` huomba jambo lilelile kwa adabu zaidi, na huishia kwa nukta, inayogusa neno lake kwa kanuni ya Parisi na ya Kebeki.