Kiwewe kisicho na tarehe

"Sisi wote tumekula fimbo na tukatoka salama. Iweje mtu wa miaka 38 aseme utoto wake ndo unamuumiza, wakati yule aliyegongwa na gari ndo mwenye kiwewe cha kweli?"

Kaka, hoja unayo na nitaifikia, ila naomba nianze na huyo wa gari maana yeye tunamwelewa haraka. Chukua kijana wa bodaboda, kagongwa na fuso usiku pale Tengeru, yeye mguu ukavunjika na abiria wake akafariki. Mguu umepona, kazini karudi, lakini miezi minane baadae bado anaota zile taa zinamjia, akisikia honi ya lori nyuma yake anaruka, na Tengeru hapiti, anazunguka njia za ndani mpaka abiria wanagombana nae. Hapo una mambo matatu: tukio linarudi kama linatokea sasa hivi, mtu anakwepa chochote kinachomkumbusha, na mwili unakesha ukingoja hatari. Hicho ndo kiwewe cha kawaida, kitabu cha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, ICD-11, kimekipa namba 6B40. Alafu muulize yeye ni mtu wa aina gani. Atakwambia mimi nilikua mchangamfu, mtu wa watu, hii ajali ndo imenivuruga. Lisikie hilo "nilikua". Huyu ana kabla, na anajua anataka kurudi wapi.

Sasa njoo kwa dada wa Kiboriloni. Nimechanganya habari za watu kadhaa niliokaa nao kwenye unasihi hapa Moshi ili asijulikane yeyote, ila hakuna nilichoongeza chumvi. Anauza mitumba, ana watoto wawili, na hakuja kwa ajili ya utoto, alikuja kwa sababu kichwa kinamuuma na halali usiku. Alilelewa kwa baba mdogo, kuanzia miaka 6 mpaka 15. Fimbo zilikuwepo lakini yeye mwenyewe fimbo hazizungumzii sana, anachokizungumzia ni kandambili. Baba mdogo akirudi kilabuni alikua anavua viatu nje anavaa kandambili, na kwa mlio wake kwenye varanda ulikua unajua usiku huo ukoje, zikija taratibu unaamka kupasha chakula, zikija haraka unajifanya umelala, na ukikosea kujifanya unavutwa mguu. Wala haikua na utaratibu. Leo kamwaga maziwa kaambiwa pole, kesho kasahau kufunga mlango kalala bandani na mbuzi. Na kila mara lile jina, mkosi. Mama ako alikufa kwa ajili yako, mkosi wewe.

Ukimuuliza kuna tukio gani baya lilikupata, anajibu hapana, hakuna, mimi nilikua tu mtoto mbishi.

Hapo ndo tunapowapoteza watu hawa. Swali la "tukio gani" linamfaa yule wa bodaboda, yeye ana tarehe, ana mahali, ana kipande cha karatasi cha polisi. Huyu dada hana tarehe, ana miaka tisa. Anaondoka na dawa za usingizi, mwezi ujao anarudi, na kwenye faili anaandikiwa wasiwasi, sonona, mara nyingine "hashirikiani na watoa huduma".

Daktari Judith Herman wa Marekani aliliandika hili mwaka 1992, kwamba watu waliokaa chini ya mamlaka ya mtesaji kwa muda mrefu, wasiweze kuondoka, wanaumwa kwa namna ambayo picha ya ajali au vita ya siku moja haiielezi. Ilichukua mpaka ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, hali hii kupewa jina lake, kiwewe changamano, na namba yake, 6B41. Ukisoma pale, lazima yale matatu ya kijana wa bodaboda yawepo yote, alafu yanaongezeka matatu mengine: kushindwa kuzituliza hisia, kujiona huna thamani kwa namna iliyokita mizizi, na kushindwa kukaa karibu na watu. Na hayo yawe yanamharibia maisha, kazi, ndoa, malezi.

Kuna dodoso linaloitwa ITQ, maswali yake ya dalili ni 12, sita ya kundi la kwanza na sita ya la pili, kila moja unajipa 0 mpaka 4, na kuanzia 2 linahesabika. Tulilipitia pamoja, taratibu, kwa maneno ya kawaida. Kwenye ndoto na kukwepa alipata 3, maana kumbe akisikia kandambili za mume wake koridoni mikono inakufa ganzi, haoni picha yoyote, haoni sura ya baba mdogo, ni hofu tu inaingia kama maji, na alikua hajawahi kuihusisha na chochote. Kumbukumbu za namna hii hazina picha kwahiyo mtu anadhani ni tabia yake. Mwili kukesha, 4, hata sokoni meza yake iko pale ambapo nyuma ni ukuta. Kwenye kutulia baada ya kuudhika, 3, mteja akimrushia nguo usoni asubuhi basi siku imeisha. Kwenye ukaribu na watu 4, ameacha vikoba vitatu, na sio kwa ugomvi, ni pale wanapoanza kumpenda, wakimletea zawadi ya mtoto yeye wiki inayofuata haendi tena. (Dodoso lenyewe halitoi jibu la mwisho, lazima mtaalamu akae na mtu, usijipime mwenyewe usiku ukajipa ugonjwa.)

Tulipofika kwenye lile swali la kujiona huna thamani aliniangalia kama sijaelewa kitu. Akasema, "Hiyo sio dalili dada, hiyo ni kweli."

Hapa naomba nikae kidogo maana hili ndo hunikosesha raha kuliko yote. Mtoto wa miaka 7 hana nauli. Hana pa kukimbilia, anayempiga ndo huyo huyo anayempa ugali na kumfunika akiumwa malaria. Ana mawazo mawili tu yanayowezekana: ama mtu mzima ninayemtegemea ni hatari na hakuna wa kuniokoa, ama mimi ni mbaya. La kwanza halibebeki kwa mtoto, ukilikubali unakua umekubali kwamba uko peke yako duniani. La pili linauma ila lina tumaini ndani yake, kama mimi ndo mbaya basi nikijitahidi nikawa mzuri atanipenda. Kwahiyo mtoto analichagua la pili, analichagua kwa akili kabisa ili aishi, na linafanya kazi, anavuka. Tatizo ni kwamba ana miaka 38 sasa, baba mdogo alishakufa, na lile wazo bado linaendesha kila kitu. Akikosea chenji ya elfu mbili halali. Akisifiwa anaona anadanganywa. Mume akisema "njoo tuongee" yeye ameshaomba msamaha kabla hajajua kosa. Na kwenda hospitali, mkosi anaenda hospitali kudai nini? Ugonjwa wenyewe unamwambia hastahili kutibiwa, alafu sisi tunasema hana mwitikio.

Yule wa bodaboda anasema kitu kibaya kilinipata. Huyu anasema mimi ndo kitu kibaya. Kwa huyu hakuna kabla ya kurudia, yule mtu angekuwa nani kama asingelelewa vile hajawahi kuwepo, inabidi ajengwe ukubwani.

Sasa hoja yako, na nyingine za upande huo ambazo ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa ukatili kwa watoto uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Robo tatu ya nchi haina 6B41, hilo ni wazi, kwahiyo ni kweli kipigo peke yake hakitoshi kuueleza ugonjwa. ICD-11 yenyewe haisemi ukipigwa utotoni basi una hiki, inaangalia dalili, wapo walioteswa miaka wakabaki na kiwewe cha kawaida au wasiwe na chochote, na wapo wachache waliopata 6B41 kwa tukio moja. Ila pale wanapotaja matukio yanayoleta sana hali hii wanataja yale ya muda mrefu au ya kujirudia ambayo kuyakimbia ni kugumu au hakuwezekani. Angalia kwa jicho hilo kaka. Wewe ulichapwa ukajua kwanini, jioni mkala pamoja, na pengine bibi alikua jirani unakimbilia kwake. Unalinganisha idadi ya fimbo wakati tofauti iko kwenye mlango wa kutokea.

Alafu wapo wataalamu, sio watu wa mitaani, wanaosema huu sio ugonjwa tofauti, ni kiwewe kile kile kikiwa kikali. Wamarekani kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, DSM-5 cha mwaka 2013, hawakuuweka peke yake, walipanua tu kiwewe cha kawaida kikabeba na mawazo mabaya kuhusu nafsi. Na wataalamu hao wanaonya jambo la maana kwamba ukimwita mtu "changamano" unaweza kumnyima tiba, ukamweka miezi "ajiandae kwanza", wakati tiba za kuongea kuhusu kiwewe moja kwa moja zinawasaidia wengi wao pia. Hilo onyo nalichukua lote. Nimeona watu wakifundishwa kupumua mwaka mzima bila mtu kuwauliza kilichotokea. Ninachokataa ni kumtibu huyu dada kana kwamba hofu ndo shida nzima. Hofu ya kandambili inaweza kupungua na akabaki na mkosi wake.

Njia tuliyotumia inaitwa tiba ya masimulizi, iliwahi kujaribiwa kwa wakimbizi Uganda ikitolewa na watu wa kawaida waliofundishwa, kwahiyo haihitaji bingwa kila kona. Unatandaza kamba sakafuni, mwanzo wa kamba ni kuzaliwa, anaweka mawe kwa mabaya na maua kwa mazuri, kwa mpangilio wa miaka, alafu vikao vinavyofuata mnaanza mwanzo na kusimulia jiwe moja moja mpaka liwe na mahali na wakati wake.

Alikaa muda mrefu na jiwe mkononi. Akauliza, niweke wapi, si ni yote? Nikamwambia tafuta usiku mmoja tu. Akaweka ule wa bandani na mbuzi, miaka 9. Alafu akaomba ua, nikashangaa maana alikua amesema hana. Akaliweka pembeni ya lile jiwe kabisa. Asubuhi ile bibi wa jirani alimkuta bandani, hakuuliza kitu, akampa ndizi ya kuchoma iliyofungwa kwenye jani ikiwa bado ya moto. Akasema, "Yule bibi hakuniona mkosi," akanyamaza, akaangalia tena lile ua kama limewekwa na mtu mwingine.

Tuko kikao cha saba sasa. Meza yake sokoni bado iko ukutani, na kikoba cha nne anaenda wiki ya tano hii.