Wavu wa Mbu Mbele ya Baba Mkwe

Kwa mliokwishasikia toleo la shemeji yangu kule kwenye kundi, kuhusu mimi na wavu wa dirisha: sikupiga yowe. Nilikohoa kwa nguvu.

Ninyi wa Dar mnaodhani baridi ya Mbeya inaua mbu, karibuni Uyole masika. Madirisha ya nyumba niliyopanga, vioo vinafungukia nje, na nondo ziko katikati. Kwa hiyo wavu unakaa ndani, na ukitaka kufunga kioo sharti uutoe kwanza ndipo upitishe mkono kwenye nondo. Nikapima dirisha kwa juu, sentimita 90, nikakata fremu ya paini 90 kamili. Kumbe chini lilikuwa 89 na nusu. Nyundo ikamaliza ubishi. Nikaupiga wavu kofi mbele ya mke wangu, kwa maringo.

Jioni akaingia baba mkwe kutoka Tukuyu na mkungu wake wa ndizi, mvua ikimfuata nyuma. Upepo ukaanza kumwaga maji kwenye kochi alilokalia.

"Mwanangu, hebu funga dirisha."

Sasa, fremu haina kishikio. Nikatafuta pa kushika kwa kucha, hakuna. Nikachokonoa kwa kisu cha mezani, kikapinda. Baba mkwe akasogea pembeni ya kochi. Kisha pembeni zaidi. Nikapata upenyo wa vidole, nikaweka mguu ukutani (msicheke kwanza), nikavuta. Pembe ya juu ikalia kwiii. Ya chini wala haina habari. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, fremu ikaachia kwa mpigo mmoja, nikaenda kinyumenyume, mkungu ukanidaka kisigino, nikakaa sakafuni pwaa! Fremu ikanifuata kichwani. Wavu ukachanika, kichwa kikatokeza katikati, tukabaki tunatazamana, mimi na baba mkwe, nimekaa kama picha ya marehemu ukutani.

Hakucheka. Alisema tu, "Pole, baba," akainuka akafunga dirisha mwenyewe. Aliyecheka ni shemeji, simu mkononi.

Kesho yake akaja fundi. Akapima upana juu, katikati na chini, akachukua kipimo kidogo kuliko vyote, akapunguza milimita 6, tatu kila upande. Urefu vivyo hivyo. Akapigilia kingo nyembamba za mbao kuzunguka ndani ya dirisha, akabandika sponji nyuma ya fremu, pale inapokutana na kingo. Anayemzuia mbu ni hiyo sponji. Kinachoikandamiza ni vipande vinne vya mbao, kila kimoja na skrubu moja katikati. Ukivizungusha, fremu inatoka. Akajaribu kwa kubana karatasi kati ya sponji na ukingo: ikichomoka kirahisi, hapo hapajabana. Mwisho akaweka kishikio cha mkanda wa ngozi, huku akinitazama.

Baba mkwe ameagiza nyavu mbili za kwake Tukuyu. Amemtaja na fundi anayemtaka, kwa jina, mara mbili.