Viazi viwili kwenye beseni jekundu

Video yangu ya kwanza ya viazi niliipa kichwa hiki: "VIAZI VIMENIPA MILIONI 10 KWA MWEZI". Kwenye thamneli, ile picha ya jalada ambayo mtu huibofya YouTube, nilibandika mkono umeshika mabunda ya noti za elfu kumi, na mshale mwekundu umeelekezwa kwenye gunia. Ndani ya video hapakuwa na milioni yoyote. Alikuwepo baba yangu mdogo, kwenye stoo yake kule Umalila, akieleza namna ya kutunza viazi vya mbegu.

Watu walibofya kweli. Kisha maoni yakaanza kuingia, na la kwanza kabisa liliuliza: "Kiazi gani hicho kinakomaa kwa mwezi mmoja?" Sikuwa na jibu. Viazi mviringo vinakaa shambani miezi mitatu hadi minne, na kila mtu wa huku anajua. Nilikuwa nimewadanganya wakulima kuhusu kilimo. Baba mdogo mwenyewe alipoonyeshwa kwenye simu aliangalia kwa muda, akauliza, "Mwanangu, huo mkono wenye hela ni wa nani?"

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na najua wenzangu wengi wa chaneli ndogo za hapa Mbeya hawaukubali: thamneli haitengenezwi baada ya video, inapigwa siku ile ile ya kurekodi, na iwe picha ya kitu ambacho mtazamaji atakiona ndani ya nusu dakika ya kwanza. Ukikosa kitu cha namna hiyo, tatizo liko kwenye video yenyewe, na rangi za programu ya Canva hazitakusaidia.

Nirudi stoo. Maneno ya baba mdogo yalikuwa na jambo zito ambalo mimi nililifunika kwa noti. Kiazi cha mbegu kikihifadhiwa gizani hutoa machipukizi marefu, meupe, membamba, yanayokatika ukiyagusa tu. Kikiwekwa kwenye chanja mahali penye mwanga hafifu, machipukizi hutoka mafupi, manene, ya kijani, na hayo ndiyo yanayostahimili kubebwa na kupandwa. Kwa mkulima hiyo ni tofauti ya mbegu nzuri na hasara, na inaonekana kwa macho. Ungetaka picha gani zaidi ya hiyo?

Basi nikapanda tena Umalila. Tuliweka viazi viwili kwenye gunia, kimoja cha gizani na kimoja cha kwenye chanja, nikapiga. Kwenye skrini kubwa ilipendeza, lakini nilipoipunguza mpaka ikalingana na kisanduku cha kibiriti, ukubwa ambao mtu huiona akiwa anapitisha kidole kwenye simu, kiazi na gunia vilikuwa kitu kimoja cha rangi ya udongo. Mama mdogo akaleta beseni jekundu la kuoshea vyombo. Juu ya wekundu ule, machipukizi meupe na ya kijani yalijitokeza hata nilipotoka nje juani na kuishika simu kwa mkono ulionyooka. Jaribio ndilo hilo hilo tu: punguza, toka juani, nyoosha mkono. Ukishindwa kusema unaona nini, piga tena.

Ukubwa wa faili ni pikseli 1280 kwa 720. Viazi nilivisogeza kushoto kidogo, kwa sababu kona ya chini kulia YouTube hubandika muda wa video, na chochote utakachoweka pale kitafunikwa. Maneno niliandika mawili, "GIZA" juu ya kimoja na "MWANGA" juu ya kingine. Watu wengi hurudia kichwa kizima ndani ya picha, na sioni faida yake, kwa kuwa kichwa tayari kimeandikwa chini yake.

Kichwa kipya kikawa: "Mbegu ya viazi yenye machipukizi meupe: usipande kabla ya kuangalia stoo yako". YouTube inaruhusu herufi 100, lakini kwenye simu mwisho wake mara nyingi hukatwa, kwa hiyo neno analolitafuta mkulima, mbegu ya viazi, lazima liwe mbele. Hapo kuna swali, maana nani hataki kujua stoo yake ina kosa gani? Ila ni swali ambalo video inalijibu. Mimi sipingi kumtamanisha mtu. Napinga kumtamanisha kwa chakula ambacho hakipo jikoni, wakati bando analomaliza kukitafuta amelinunua kwa hela yake.

Sasa tazama hesabu. Ndani ya YouTube Studio kuna kipimo kinachoitwa "Impressions click-through rate", yaani kati ya mara 100 thamneli ilipoonyeshwa, ilibofywa mara ngapi. Noti zilinipa 11. Beseni jekundu likanipa 6. Ungeishia hapo ungesema uongo unalipa. Lakini fungua grafu ya utazamaji uangalie sekunde ya 30: kwa noti, kati ya watu 100 waliofungua walikuwa wamebaki 28, kwa beseni 65. Chukua mara 1,000 za kuonyeshwa. Noti zinaleta watu 110, wanabaki 31. Beseni linaleta 60, wanabaki 39. Na hao 39 walikuja kwa ajili ya viazi.

Niseme ukweli wote: siku niliyobadili thamneli nilikata pia mwanzo wa video kwa kihariri cha Studio, nikaondoa sekunde 40 za salamu na milima. Kwa hiyo siwezi kulipa beseni sifa yote. Na zile asilimia usizishike kama matokeo ya mtihani. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya 2 na 10, na kiwango hushuka chenyewe video inapoanza kuonyeshwa kwa watu wasiokujua. Kushuka huko peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni mibofyo mingi inayofuatwa na grafu inayoporomoka kama barabara ya Kitonga: hapo jalada limeahidi kisichokuwemo. Ikiwa mibofyo ni michache lakini waliofungua wanakaa, video ni nzima na jalada linaificha, nalo hilo ni kosa pia. Mwaminifu anayeandika "Kilimo cha viazi sehemu ya 4" hajamdanganya mtu, ila hajamwambia kitu.

Kuna pia "Test & compare", ya kupandisha thamneli hadi tatu zishindane kwa video moja. Mshindi haamuliwi kwa mibofyo, anaamuliwa kwa muda wa kutazamwa, na hapo utajua hata wenye mtandao wanapima nini. Kwa chaneli ndogo kama yangu mara nyingi jaribio huisha bila mshindi, watazamaji hawatoshi, basi nimebaki na sekunde ya 30.

Wiki ijayo tunarekodi ugonjwa wa bakajani. Dalili ninayoitaka kwenye jalada ni ule ukungu mweupe chini ya jani, pembeni mwa doa, na huonekana vizuri asubuhi kukiwa bado na unyevu. Baba mdogo ameshaniambia nikifika saa tatu nitakuta jani limekauka, kwa hiyo nitalala kwake.